Ndimi Niliyetuma

Ofisi yetu iko Changamwe, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya malori. Sisi ni mawakala wa forodha. Mfanyabiashara huagiza mzigo, mzigo ukafika bandarini, nasi tukashughulika na karatasi mpaka kontena litoke getini. Watu hudhani kazi hii ni ya makontena. Nimeifanya miaka mingi na kontena nimeligusa mara chache, tena kwa bahati mbaya, nikapata kutu kwenye gauni. Kazi ni karatasi, na siku hizi hata karatasi zenyewe si karatasi. Ni barua pepe yenye faili ndani yake, au barua pepe yenye kiungo tu, unakibonyeza kikupeleke kwenye hati iliyohifadhiwa huko mtandaoni.

Bosi wetu, mwanamke asiyecheka ovyo, aliweka sheria moja kuhusu viungo hivyo. Ofisi ya jirani ilikuwa imenyang'anywa sanduku lake la barua pepe, na yeye si mtu wa kungoja zamu yake. Alisema kila kiungo cha hati kipigiwe simu kabla hakijafunguliwa, kwa nambari tuliyo nayo sisi, si iliyoandikwa kwenye barua. Tusimwulize mtu kwa kumjibu barua yake, kwa sababu kama mwizi yumo ndani ya sanduku, mwizi ndiye atakayejibu. Ilikuwa sheria nzuri na bado naiona nzuri. Ila alipoitunga hakumfikiria Mzee.

Mzee alikuwa mteja wetu wa tangu zamani, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka kisiwani wakahamia Kisauni. Duka lake lilikuwa chini, yeye na familia yake wakiishi juu. Aliagiza mchele, viungo vya mapishi, na kila mwaka kabla ya Ramadhani aliagiza tende. Wengi Likoni na Kisauni walifuturu kwa tende zake bila kujua kuwa ni zake. Kumpigia simu Mzee kulikuwa na utaratibu wake. Unaanza na salamu. Anakuuliza umeamkaje, unamwambia. Anauliza hali ya nyumbani, ya mama, ya wanao, na kama kuna mgonjwa anauliza amekula nini. Nawe unamrudishia yote hayo kwa upande wake. Kisha panakuwa na kimya kidogo, kimya cha heshima, ndipo mnaingia kwenye kazi. Ukiruka hatua moja, anakurudisha mwanzo.

Mwenzangu wa meza ya pili, mtu wa bara aliyehamia kwetu kikazi, hakuyajua hayo alipoanza. Simu yake ya kwanza kwa Mzee ilikuwa hivi: "Mzee, ni wewe umetuma hii file?" Mzee akakata. Baadaye akampigia bosi, akamwambia kwa upole kwamba hana ugomvi na yeyote, ila angependa apigiwe na mtu aliyelelewa. Mwenzangu aliona haya mpaka masikio. Akajifunza. Alijifunza mno, niseme ukweli, kama wageni wanavyojifunza, akapitiliza hata sisi wenyeji. Nilikuwa nikimsikia akimuulizia Mzee habari za goti lake.

Mwaka ninaousimulia, tende zilikuwa njiani na Ramadhani ilikuwa karibu. Asubuhi moja ikaingia barua kutoka kwa Mzee. Anwani ilikuwa yake, herufi kwa herufi. Chini yake yalifuata mazungumzo yetu ya wiki iliyotangulia kuhusu tende hizo hizo, maneno yetu wenyewe, hata mzaha mmoja wa mwenzangu ambao haukuchekesha. Juu yake paliandikwa kwamba hati za tende zimefanyiwa marekebisho, tuzitazame leo. Kisha kisanduku kinachosema Mzee ametushirikisha faili, na kitufe cha buluu. Kiswahili chake kilikuwa safi. Zamani watu walikuwa wakiambiwa wamtambue mwizi kwa makosa yake ya lugha. Siku hizi mashine humwandikia mwizi vizuri kuliko karani.

Mwenzangu akafuata sheria. Akampigia Mzee, akaweka sauti nje ili nami nisikie, maana hati za tende zilikuwa zangu. Salamu zikaenda. Goti lilikuwa na nafuu, alhamdulillahi. Mama yake mwenzangu huko bara alikuwa amevuna. Nilipata muda wa kunywa chai yangu yote. Kisha kikaja kile kimya, na mwenzangu akauliza kwa sauti laini kabisa: "Samahani Mzee, ndiwe uliyetutumia hati za tende?"

"Naam, mwanangu," akasema Mzee. "Ndimi niliyetuma. Fungueni."

Akamshukuru, akakata, akabonyeza.

Kilichofunguka mwanzo kilikuwa halali. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ndipo wengi walipoponzwa. Ukurasa ulikuwa wa kampuni kubwa ile ile tunayoitumia sote kuhifadhi faili, anwani yake ya kweli, kufuli lake juu. Ndani yake mlikuwa na faili la kweli, ila faili lenyewe lilikuwa picha tu, picha ya hati iliyotiwa ukungu usiweze kusoma, na katikati maneno: thibitisha akaunti yako ili usome. Mwizi alikuwa ameweka mtego wake ndani ya nyumba ya mtu mwingine mwenye sifa njema. Mwenzangu akabonyeza tena. Ukaja ukurasa wa kuingilia, nembo mahali pake, rangi mahali pake, anwani ya barua pepe ya ofisi yetu imeshajazwa. Palibaki nafasi ya nenosiri tu.

"Nenosiri letu ni lipi?" akaniuliza.

Sikulijua. Wala yeye hakulijua. Lilitungwa na kompyuta, msururu wa herufi na tarakimu ambao mtu hawezi kuutamka, na kivinjari chetu kilikuwa kimelihifadhi. Kila ukifika kwenye mlango wa kuingilia kinalijaza chenyewe. Mimi nilipenda mpango huo kwa sababu ni mvivu wa kukariri. Bosi peke yake ndiye aliyelihifadhi kwingine, ndani ya simu yake.

"Leo haijazi," akasema mwenzangu. Akamwita bosi.

Bosi akatoka chumbani kwake, miwani puani, simu mkononi, akilitafuta nenosiri atusomee. Alikuwa na mgeni ndani na alitaka kuyamaliza haraka. Alishaanza kusoma herufi ya kwanza na mwenzangu alishaiandika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na kikombe kitupu, nikiwaza jambo dogo tu la kuudhika: kwa nini leo mashine inanisumbua. Jana ilijaza. Asubuhi hiyo hiyo ilijaza. Na hapo wazo likageuka. Mtu hutazama sura ya ukurasa. Kivinjari hakina haja na sura, kinatazama anwani peke yake, na kama anwani si ile kinayoijua hakitoi kitu, hata nembo ing'ae vipi.

"Ngojeni," nikasema.

Tukaitazama anwani pale juu, sote watatu, vichwa vimegusana. Ilianza na jina la kampuni ile kubwa, na jicho lenye haraka lingeridhika hapo. Lakini mwanzo wa anwani mtu yeyote anaweza kuuandika apendavyo. Mwenye nyumba ni yule anayetajwa mwishoni, kabla tu ya mkwaju wa kwanza, kile kistari cha mshazari, na hapo palikuwa na jina la duka la kuuza mbegu za maua, la nchi nisiyoijua. Nadhani nalo lilikuwa limeingiliwa na mwizi huyo huyo, masikini.

Bosi akaifunga simu yake. Akamtazama mwenzangu. "Ulipiga?"

"Nilipiga. Mzee amesema ni yeye."

"Nilisikia kwa masikio yangu," nikasema.

Basi akapiga yeye mwenyewe. Bosi wetu ni mwanamke wa pwani, salamu anazijua, lakini siku hiyo alizipunguza, na nilimwona akiumia kuzipunguza. Akamwambia Mzee kwamba ile hati si hati. Mzee akasema ametuma. Bosi akasema labda kuna mtu ametuma kwa jina lake.

"Mwanangu," akasema, "kijana wako kaniuliza, nami nimemjibu. Sasa wewe waniuliza tena. Kwani mimi huwa nasema uongo?"

Hakupandisha sauti. Alituombea heri ya siku, akakata, na hakupokea tena.

Mchana akatupigia mwenye duka mmoja wa Likoni. Huyu alikuwa mteja wetu pia, na kila mwaka alichukua fungu kubwa la tende za Mzee kwenda kuuza huko kwao. Aliuliza kama barua pepe zetu ziko sawa, kwa sababu yake haimpokei tena. Alikuwa amepata hati kutoka kwa Mzee, akaifungua, akaweka nenosiri. Ukurasa ukamwambia amekosea, akaweka tena. Kisha ukamwomba tarakimu zilizoingia kwa meseji kwenye simu yake, akaziweka pia. Zile tarakimu alikuwa ameambiwa ndizo ngao yake. Hakujua kwamba mwizi alikuwa upande wa pili wa ukurasa ule, akizipokea na kuziingiza penye mlango wa kweli muda ule ule. Sasa wateja wake Likoni na Shelly Beach, hata hoteli anazozipelekea mchele, walikuwa wakipata hati kutoka kwake.

"Wala sikufungua tu kama mjinga," alisema. "Nilimpigia Mzee. Nikamuuliza, akaniambia ndiye. Sasa niambie, nifanye nini zaidi ya hapo?"

Nikaweka simu chini. Kama yeye alipiga na sisi tulipiga, wangapi wengine walipiga? Mzee alikuwa ameketi dukani kwake Kisauni na kumdhamini mwizi, simu moja baada ya nyingine, kwa adabu zote. Watu wa pwani wanaweza kusahau hasara ya kompyuta. Neno la mtu hawalisahau. Neno la Mzee lilikuwa ndilo duka lake. Vilivyokuwa kwenye rafu vilikuwa nyongeza. Nikamwambia bosi, na bosi akachukua funguo za gari.

Tulimkuta ameketi kwenye kiti chake karibu na mizani. Tuliamkuana. Kahawa ikaja, tukanywa, na mimi nilikunywa huku nikijua kwamba kila dakika kuna mtu mahali fulani anabonyeza kitufe cha buluu. Lakini huwezi kumvamia mtu wa umri ule nyumbani kwake na kumwambia sanduku lako limetekwa kabla hujameza kahawa yake. Bosi aliuliza habari za kila mtu mpaka akamaliza. Kisha akaniangalia, maana yake sema wewe.

Njiani nilikuwa nimelifikiria swali. Sikumuuliza kama ni yeye. Nilimuuliza: "Mzee, leo umetuma nini?"

Akafikiri. "Leo?"

"Leo asubuhi."

"Leo sijatuma kitu," akasema. "Juzi tulituma. Ile hati ya shehena, na cheti cha afya cha tende. Mkaza mwanangu ndiye mwandishi wangu, muulize." Akatutazama mmoja mmoja. "Lakini nyinyi hamkuniuliza leo nimetuma nini. Mwaniuliza kama ndimi niliyetuma hati za tende. Na hati za tende ndimi niliyezituma. Mwezi huu kazi yangu ni kutuma hati. Mtu kaniamkua vizuri, kaniuliza goti langu, kisha aseme, ndiwe? Nimwambie simi?"

Hapo nikaelewa, na nikaudhika, ila sikujua nimuudhikie nani. Mzee alisema kweli kila mara. Mwenzangu aliuliza sawasawa na adabu. Swali lenyewe lilikuwa limebeba jibu lake mgongoni, na kwetu mtu akikuletea jibu mlangoni kwa heshima hivyo, humrudishi nalo.

Mkaza mwanawe akaja na kompyuta, akaiweka juu ya kaunta, karibu na mizani. Alikuwa mwanamke mtulivu, ndiye aliyeandika barua zote za duka. Nilimwuliza kama kabla ya hapo waliwahi kufungua hati iliyowataka waingie upya. Akakumbuka. Siku chache nyuma ilikuja moja, kwa jina la wakala wa meli inayoleta tende, ikisema tarehe ya kufika imebadilika. Waliingiza nenosiri, ikawatupa kwenye ukurasa wa kawaida, wakadhani mtandao umekatika. Ramadhani ilikuwa karibu na meli ilikuwa na tende zao. Ni nani asingefungua?

Akanionyesha sanduku. Kwa juu lilikuwa shwari, na hilo ndilo lililonitia shaka, maana sanduku la mtu aliyewatumia watu wote barua asubuhi lingepaswa kujaa majibu. Nikaingia kwenye mipangilio. Mle ndani mlikuwa na agizo ambalo yeye hakuliweka: kila barua yenye neno hati au kiungo au swali la kuuliza kama ni wewe, ihamishwe kimyakimya kwenye folda ambayo hakuna mtu huifungua, na ihesabiwe imeshasomwa. Tukaifungua folda hiyo. Walikuwemo. Wateja wa Kongowea, mwenye ghala wa Changamwe, binamu yake Mzee. Wote walikuwa wameuliza, Mzee, ni wewe? Na wote walikuwa wamejibiwa.

Mzee akaniomba nimsomee. Nilisita, kisha nikasoma.

"Ndiyo ni mimi. Fungua."

"Soma juu yake."

"Hakuna kitu juu yake, Mzee."

"Salamu?"

"Hakuna."

Akaomba miwani yake, akajisogeza, akasoma mwenyewe. Akasoma ya pili, na ya tatu. Binamu yake, mtu aliyekuwa amefiwa na mke mwezi ule ule, aliandikiwa kwa jina la Mzee maneno hayo manne na nukta. Nilidhani atauliza habari ya wezi, wako wapi, watashikwa vipi. Hakuuliza. Alivua miwani akaifuta kwa shuka la begani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Na yeye akaamini kuwa huyu ni mimi," akasema.

Mkaza mwanawe aligeuka akaanza kupanga mikebe iliyokuwa tayari imepangwa.

Tulifanya yanayofanywa. Nenosiri jipya, tena tukalibadilishia kwenye kompyuta ya bosi aliyokuja nayo, tusiliweke kwenye mashine ambayo hatukuijua hali yake. Tukatoa kila kifaa kilichokuwa kimeingia kwenye akaunti, kwa sababu ukibadilisha nenosiri bila kufanya hivyo mwizi huweza kubaki ndani, amejikalia kama mpangaji asiyejua kodi imepanda. Tukalifuta lile agizo, tukatazama kama kuna barua zinazopelekwa nje kwa siri, tukaongeza uthibitisho wa pili, na wa aina isiyomtaka mtu aandike tarakimu mahali popote. Mwenye duka wa Likoni tukamwelekeza hayo hayo kwa simu. Bosi akasema sasa tuandike barua moja ya tahadhari tuwatumie wote.

Mzee akakataa. "Barua tena? Ya kwangu nani ataiamini?"

Akachukua simu yake, ile ndogo ya vitufe, akaanza kupiga. Mtu mmoja mmoja, na kila mmoja kwa salamu zake kamili. Tulikaa tukasikiliza. Alianza kuhesabu kwa vidole waliompigia asubuhi akawaambia ndiye, akafika mahali akaacha kuhesabu, akaendelea tu kupiga. Kwa kila mmoja alisema: uliponiuliza nikakwambia ndimi, nilikosea, usifungue, na kama umefungua badilisha nenosiri sasa hivi. Wengine walicheka wakamfariji. Sauti za wengine zilikuwa fupi. Binamu yake alimpigia mwisho, na hiyo hatukuisikiliza, alipanda juu.

Likoni alikwenda mwenyewe. Alivuka feri na goti lake, akaketi dukani kwa yule mtu, akapewa kahawa. Bosi alihadithiwa baadaye na mkaza mwana, nami nikahadithiwa na bosi. Yule bwana wa Likoni alimsikiliza hadi mwisho na hakumkosea adabu hata kidogo. Alisema tu: "Mzee wangu, mimi kompyuta siiamini. Nilikuamini wewe." Mwaka ule hakuchukua tende. Alisema ameshapata kwingine. Kontena lilitoka getini mapema, hati zote sawa, na sehemu ya Likoni ikabaki ghalani hadi baada ya Idi. Mzee akaigawa misikitini na hakuizungumzia.

Ofisini kwetu sheria ilibadilika kidogo. Kupiga simu kulibaki, ila ni mwiko kuuliza "ndiwe?" Unauliza umetuma nini, lini, kwa njia gani, na hulitaji jina la hati mpaka alitaje yeye. Mwenzangu alilalamika sana, akaliona swali hilo ni la askari. Alikuwa ametumia nguvu nyingi kuwa mtu wa pwani, na sasa tunamrudisha kule alikotoka. Nilimtania kwamba arudi tu kwenye file yake ya kwanza, hata yeye akacheka, lakini si kwa furaha.

Mwaka uliofuata tende zikaja tena. Nilikuwa peke yangu mezani simu ilipolia, nikaliona jina la Mzee, nikajipanga sawasawa kwenye kiti kama ninavyofanya siku zote kwa ajili yake. Nilipokea, nikavuta pumzi ya salamu.

"Hati ya shehena," akasema. "Tende, kontena moja. Na cheti cha afya, ukurasa mmoja. Zimetumwa sasa hivi, zimo ndani ya barua yenyewe, hamna kiungo. Ikija yoyote yenye kiungo, si mimi."

Alisema yote kwa mfululizo, kama mtu aliyekariri. Nilikuwa bado na pumzi yangu kifuani.

"Nimempigia na wa Likoni, hivi hivi," akaongeza. "Mwaka huu kachukua."

"Nimefurahi, Mzee," nikasema, na ni kweli nilifurahi. Nikaifungua barua. Kila alichokitaja kilikuwemo, hakikupungua wala hakikuzidi. Nikamwambia nimeziona.

Kikaja kile kimya, kile cha heshima, ila safari hii kilikuja upande usio wake, baada ya kazi.

"Haya," akasema Mzee. "Sasa mwanangu, waamkaje?"

Nilimjibu. Nilimwambia habari za nyumbani, za mama, za watoto, nikamuuliza goti, nikayarefusha yote kadiri nilivyoweza, mpaka mwenzangu akaingia akanionyesha saa. Nilimpa mgongo, nikaendelea, na machozi yalikuwa yakinitoka.